Ukuta Hauvuti: Breketi ya Rafu Ndani ya Kompyuta

Breketi ya rafu ni kipande cha chuma bapa kilichokunjwa pembe mraba. Mguu wake unalala ukutani ukishikwa na bolti mbili, mkono wake unatokeza mbele kubeba ubao. Fundi anayetaka kujua kama itahimili mzigo kabla hajakata chuma anaweza leo kuichora kwenye kompyuta, kuiambia programu imeshikwa wapi na inaelemewa wapi, kisha baada ya dakika chache akapewa picha ya rangi: buluu pale chuma kinapopumzika, nyekundu pale kinapoteseka. Picha hiyo inashawishi sana. Lakini kompyuta haiujui ukuta wala bolti. Inayajua mambo mawili tu uliyoiambia, tegemeo na mzigo, na ukiyakosea itakupa jibu safi kabisa kuhusu breketi ambayo haipo.

Kazi inayofanyika ndani ni ya kugawanya. Umbo zima hukatwa vipande vidogo vidogo vilivyoungana kwenye vituo vinavyoitwa nodi, na wote kwa pamoja huitwa wavu. Kwa kila kipande programu inaandika uhusiano kati ya nguvu na kusogea kwa nodi zake, halafu inayatatua maelfu ya milinganyo hiyo kwa mara moja. Njia hii, ya elementi zenye kikomo, ilikomaa katika utengenezaji wa ndege. Makala ya Turner, Clough, Martin na Topp ya mwaka 1956 kuhusu ugumu wa miundo ya ndege ni miongoni mwa misingi yake. Zamani ilihitaji mashine za makampuni makubwa. Sasa FreeCAD inapatikana bure, na ndani yake kuna CalculiX, kikokotozi cha bure kilichoandikwa na mhandisi Guido Dhondt. Kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi inatosha kwa breketi.

Tuchukue rafu ya duka la rangi. Makopo yaliyopangwa juu yake yana uzito wa kilo 50, na breketi ni mbili, kwa hiyo kila moja inabeba kilo 25, ambazo ni karibu nyutoni 250. Chuma ni bapa la upana wa milimita 50 na unene wa milimita 6. Mkono unatokeza milimita 200 kutoka uso wa mbele wa mguu. Mguu una urefu wa milimita 100, ukishuka chini kutoka kwenye kona, na bolti ya juu iko milimita 40 chini ya ukingo wa juu. Ndani ya kona kuna mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 6, kwa sababu bapa lililokunjwa halitoki na kona kali. Chuma ni cha daraja la S235: mkazo ukifika megapaskali 235 kinaanza kupinda kwa namna isiyorudi.

Kabla ya kugusa kompyuta, ni vizuri kushika kalamu. Mzigo ukiwa kwenye ncha, momenti pale mkono unapoanzia ni nyutoni 250 mara milimita 200, yaani 50,000. Uwezo wa bapa hili kupambana na kupinda ni upana mara unene mara unene, gawanya kwa 6: 50 mara 36 gawanya kwa 6, unapata 300. Gawanya 50,000 kwa 300, mkazo ni megapaskali 167. Kwenye mviringo wa kona mkazo wa upande wa ndani hupanda zaidi ya hapo, kwa kuwa nguvu zinabanana zinapokata kona. Hesabu ya boriti iliyopinda inatoa nyongeza ya karibu asilimia 29, kwa hiyo tutarajie kama megapaskali 215. Ncha, kwa hesabu ya mkono peke yake, itashuka karibu milimita 3.5. Namba hizi tatu ndizo zitakazotuambia baadaye kama kompyuta inatueleza ukweli.

Sasa tegemeo. Mtu anayeanza, mara nyingi anabofya uso wote wa nyuma wa mguu na kusema umeshikwa. Programu inaelewa hivi: kila nodi ya uso huo haisogei kwenda mbele, haisogei kando, haipandi wala haishuki. Ni sawa na kusema breketi imeoteshwa ndani ya ukuta kwa gundi isiyoshindwa. Ukikokotoa, mkono na kona vinatoka na rangi kali, lakini mguu wote kuanzia chini kidogo ya kona ni buluu tupu, kana kwamba haufanyi kazi. Anayeiona picha hiyo anaweza hata kuamua mguu ufanywe mwembamba ili aokoe chuma.

Ukuta halisi unasukuma tu, hauvuti. Makopo yanapoelemea ncha, breketi nzima inataka kupinduka mbele: kona ya juu inajitenga na ukuta, ukingo wa chini wa mguu unaugandamiza. Kinachozuia kupinduka ni bolti ya juu. Tukiuchukua ukingo wa chini kuwa mhimili, na tukiiachia bolti ya juu kazi yote ya kuvuta, mzigo wa nyutoni 250 uko milimita 206 kutoka ukutani na bolti iko milimita 60 juu ya mhimili. 250 mara 206, gawanya kwa 60: bolti inavutwa kwa nyutoni 858, sawa na uzito wa kilo 87. Makopo ya kilo 25 yanaing'oa bolti kwa nguvu ya zaidi ya mara tatu ya uzito wao, na kwenye picha ya uso uliogandishwa wote hakuna alama yoyote ya jambo hilo.

Mguu nao unabadilika sura. Sehemu iliyo kati ya kona na bolti haiegemei tena kitu chochote. Momenti yote ya mkono inapita humo kabla ya kufika kwenye bolti. Hesabu yake ni 250 mara 203, karibu 50,750, nayo ukiigawa kwa 300 inatoa megapaskali 169. Pale picha ya kwanza ilipoonyesha buluu, kwa kweli pana mkazo sawa na ule wa shina la mkono. Upande unaovutwa ni ule unaotazama ukuta, kwa hiyo ufa ukianza, utaanza mahali ambapo mwenye duka hawezi kuuona. Kupinda kwa kipande hicho kifupi cha mguu kunaishusha ncha ya mkono angalau milimita 1 zaidi ya zile 3.5.

Namna nzuri ya kuiambia kompyuta habari hii ni kuchora duara la washa kuzunguka kila tundu la bolti, kwa mfano lenye kipenyo cha milimita 16, na kushika eneo hilo tu, kisha kuupa uso wa nyuma mgusano na bamba gumu linalowakilisha ukuta. Mgusano unaruhusu kutengana na unakataza kupenyana. Hesabu yake ni ndefu, maana programu inabidi irudie mara kadhaa mpaka ijue ni sehemu gani zimegusana. Asiyetaka kwenda mbali hivyo ashike maeneo ya washa na kamba nyembamba ya ukingo wa chini, huo wa chini ukizuiwa tu usiingie ukutani, uso uliobaki uachwe huru. Kwa mzigo huu wa kuelekea chini, jibu litakaribia sana lile la mgusano, kwa kuwa tayari tunajua ni wapi breketi inagusa na ni wapi inaachia. Baada ya kukokotoa lazima uhakikishe kuwa ukingo ule kweli unasukumwa na ukuta. Ukikuta ukuta unauvuta, dhana yako ilikuwa ya uongo.

Mzigo una ujanja wake pia. Ukibofya uso wote wa juu wa mkono na kuandika nyutoni 250, programu inautawanya sawasawa, na kitovu cha mzigo kinarudi katikati ya mkono. Momenti inashuka hadi 25,000, mkazo kwenye shina unakuwa megapaskali 83. Uzito haujabadilika hata gramu moja, lakini mateso ya chuma yamekuwa nusu. Je, ipi ni kweli? Makopo yakipangwa vizuri hadi nyuma, mtawanyo unakaribia ukweli. Lakini muuzaji hupanga mbele ili wateja waone, na mkono ukianza kushuka ubao nao unainama. Mimi ningechukua ncha, nikijua nimejiwekea upande wa usalama, na ningeandika uamuzi huo pembeni ya jibu ili anayesoma ajue.

Tena, nguvu isibandikwe kwenye nodi moja. Nodi haina eneo, kwa hiyo mkazo chini yake hauna mwisho, na doa jekundu litatokea hapo ambalo halina maana yoyote. Itandaze kwenye ukanda mdogo wa ncha. Kwenye CalculiX kuna tahadhari ya ziada: amri ya mzigo ikipewa kundi la nodi, inatoa thamani ile kwa kila nodi. Kama kundi la ncha lina nodi 25 na unataka jumla ya 250, kila moja ipewe 10:

```
*BOUNDARY
WASHA,1,3
UKINGO,1
*CLOAD
NCHA,3,-10.
*NODE PRINT,NSET=WASHA,TOTALS=ONLY
RF
*NODE PRINT,NSET=UKINGO,TOTALS=ONLY
RF
```

Hapa mhimili wa 1 unatoka ukutani kwenda mbele na wa 3 unapanda juu. Mistari ya kwanza inazishika nodi za washa pande zote tatu na kuuzuia ukingo wa chini kwa upande wa ukuta tu. Aliyeandika -250 badala ya -10 ameweka nyutoni 6,250 juu ya mkono bila kujua. Ndiyo sababu ya mistari ya mwisho: inaiomba programu ijumlishe nguvu ambazo mategemeo yanarudisha. Jumla ya kwenda juu lazima iwe 250 kamili. Ikiwa 6,250, mzigo umekosewa. Ikiwa sifuri, mzigo haukufika. Jumla ya mlalo kwa matengo yote mawili lazima iwe sifuri, na nguvu ya ukingo lazima ielekee mbele, yaani ukuta unasukuma. Ikiwa haya hayajatimia, usiitazame picha kwanza.

Programu hii haijui vipimo. Ukichora kwa milimita na kutumia nyutoni, ugumu wa chuma uandikwe 210,000, nao mkazo utatoka kwa megapaskali. Akiuandika mtu kwa paskali, yaani 210,000,000,000, tukio la ajabu linatokea: mkazo unabaki sahihi kabisa, kwa sababu katika breketi kama hii unategemea mzigo na umbo, hautegemei ugumu. Ila ncha itashuka mara milioni moja pungufu ya inavyopaswa. Aliyetazama rangi peke yake hatagundua. Aliyekuwa na ile 3.5 ya kalamu atagundua papo hapo.

Wavu pia unaweza kudanganya kwa upande wa matumaini. Vipande vya pembe nne vyenye nodi 4 tu ni vigumu mno vinapopinda, hivyo breketi inaonekana imara kuliko ilivyo na mkazo unatoka mdogo. Tumia vile vya daraja la pili, vyenye nodi 10, na angalau viwili katika unene wa milimita 6. Kwenye mviringo wa kona viwe vidogo zaidi.

Hapo ndipo tunafika kwenye picha. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba rangi nyekundu haimaanishi hatari. Inamaanisha tu kiwango cha juu kabisa katika hesabu hii, hata kama kiwango hicho ni megapaskali 3. Ibadilishe ngazi ya rangi iishie 235, ndipo nyekundu ipate maana. Umbo lililopinda nalo mara nyingi limekuzwa ili jicho lilione. Soma namba ya kukuza kabla ya kushtuka.

Namba inayoonyeshwa kwa kawaida ni mkazo wa von Mises, kutokana na Richard von Mises aliyechapisha kigezo chake mwaka 1913. Unakusanya mikazo ya pande zote kuwa namba moja inayoweza kulinganishwa na ile 235. Kwa chuma laini unafaa sana, lakini hauna hasi wala chanya. Katika breketi yetu upande wa ndani wa kona unasoma karibu 215, na upande wa nje kama 135. Mtu atasema wa ndani ndio wenye tatizo. Lakini wa ndani unagandamizwa, wa nje unavutwa, na nyufa hupenda mahali panapovutwa. Kama rafu inapakiwa na kupakuliwa kila siku, ama breketi imechomelewa badala ya kukunjwa, huo upande wa nje unastahili kuangaliwa kwa makini. Fungua picha ya mikazo mikuu, ile yenye alama, ndipo uone kipi kinavutwa na kipi kinagandamizwa.

Kisha kuna namba ambazo hazipaswi kuaminiwa hata kidogo. Tuseme aliyechora alisahau mviringo, akaacha kona ya ndani ikiwa kali. Programu itatoa mkazo fulani hapo, tuseme 250. Akiona wasiwasi akapunguza ukubwa wa vipande kwa nusu, atapata karibu 340. Akipunguza tena nusu, karibu 470. Namba haitasimama popote, kwa sababu kihesabu mkazo wa kona kali ya namna hiyo hauna kikomo, M. L. Williams alilieleza jambo hili mwaka 1952, na kwa kona ya ndani ya pembe mraba kila kupunguza nusu kunapandisha kilele karibu mara 1.37. Dalili yake ni mbili: kilele kinapanda kila wavu unapokuwa laini, na kimebanwa kwenye safu moja tu ya vipande. Dawa ni kuchora mviringo uliopo kweli. Ukishauchora, kupunguza vipande kunabadilisha namba kidogo sana, na hapo unajua unasoma chuma, husomi wavu.

Ugonjwa huohuo unaonekana kwenye mpaka wa eneo la washa, pale chuma kilichogandishwa kinapokutana na chuma huru. Doa dogo jekundu litakuwepo. Hapa hakuna mviringo wa kuchora, maana tegemeo gumu kabisa ni dhana yetu wenyewe. Kinachotusaidia ni kanuni ambayo Saint-Venant aliieleza mwaka 1855: athari za namna ulivyoshika au ulivyosukuma hufifia ukienda mbali kidogo. Basi usisome kwenye mpaka wenyewe. Soma umbali wa unene mmoja hivi kutoka hapo, na ulinganishe na 169 ya kalamu. Zikikaribiana, mguu umeeleweka.

Kuna kikomo kingine kinachohusu hesabu ya aina hii. Inachukulia kwamba chuma kinarudi kama mpira hata kikivutwa kiasi gani. Ikionyesha 400 kwenye chuma cha 235, usidhani kuna mahali pana megapaskali 400. Chuma kingekuwa kimeshalegea zamani na kuusukuma mzigo kwa majirani. Namba hiyo inakwambia tu kwamba umevuka mpaka, haikwambii umevuka kwa kiasi gani.

Kwa breketi yetu jibu linasomeka hivi: kona ina 215 na kikomo ni 235. Imebaki nafasi ya megapaskali 20, ndogo mno kwa rafu ambayo mtu anaweza kuiegemea au kuitupia kopo. Tukiongeza unene hadi milimita 8, na mviringo pia uwe 8, uwezo wa kupinda unapanda kutoka 300 hadi 533, mkazo wa kona unashuka hadi kama 121, karibu nusu ya kikomo, na kushuka kwa ncha kunapungua kwa zaidi ya nusu. Tukipandisha bolti ya juu kutoka milimita 40 hadi 25 chini ya ukingo, kipande cha mguu kinachoning'inia kinafupika, na mvuto wa bolti unashuka kutoka 858 hadi karibu 690.

Hizo 690 unene wa chuma hauziondoi. Zinatoka kwenye bolti na kuingia kwenye plagi na tofali, na katika mfano wetu tofali halikuchorwa. Mahali pake tuliandika kwamba washa haisogei. Kwenye ukuta wa zege swali hilo si zito. Kwenye tofali la mchanga lenye matundu ndani, au plasta iliyooza kwa unyevu, kinachotoka kwanza ni plagi, breketi ikiwa bado imenyooka. Kwa hiyo namba ya mwisho ya kuandika kwenye karatasi ya fundi, kando ya ile 121, ni mvuto wa nyutoni 690 kwa kila bolti ya juu, naye achague plagi na kina cha tundu kwa namba hiyo.